Chipsi krispi nje, laini ndani: mwongozo kamili ukitumia waru za Shangi

Kama chipsi zako zinatoka kwa karai zikiwa poa kabisa, halafu kabla umalize kukata kachumbari zishalala kwa sahani, shida karibu kila mara ni maji. Kiazi kibichi kina maji mengi, karibu gramu 800 kwa kila kilo, na kukaanga chipsi kwa ukweli ni kazi ya kutoa hayo maji kwa ngozi ya nje na kuyaacha kiasi huko ndani. Ukishaona hivyo kila hatua inaeleweka yenyewe, kuosha, kukausha, kukaanga mara mbili, hadi vile unaziweka kwa sahani.

Nimekaanga chipsi kwa kibanda hapa Nakuru kwa miaka kadhaa kabla nianze kupikia watu wangu tu nyumbani, na nitaeleza vile nafanya na kilo moja ya waru, mafuta lita 2, karai ya kawaida na gesi. Dadangu mdogo ako Kisumu na ndiye amenifanya niandike hii kitu yote, juu alinipigia Jumamosi moja akaniambia amefuata kila kitu nilimwonyesha na bado zinalala. Nitafika kwake kwa sehemu ya kukausha, kwa sababu hapo ndipo alipoteleza.

Waru zenyewe

Huku kwetu waru nyingi sokoni ni Shangi, zinatoka Molo, Mau Narok, Nyandarua na pande za Bomet. Ni waru nzuri kwa chipsi, inaiva haraka na ndani inakuwa ya unga, lakini ina tabia mbili lazima ujue. Ya kwanza inachipua mapema sana, haikai kwa gunia, kwa hivyo nunua ya wiki hiyo tu. Ya pili ukiichemsha kidogo kupita kiasi inavunjika yote, ndio maana zile mbinu za kuchemsha chipsi kwanza kabla ya kukaanga mimi sizitumii na Shangi, unabaki na sufuria ya mashed.

Kiazi cha chipsi kinataka kiwe kizito kwa mkono na kigumu, ngozi imeshika vizuri. Kile ukikikwaruza kwa kidole gumba ngozi inatoka kama karatasi ya maji hicho kimevunwa kichanga, kina maji mengi na wanga kidogo, na hakitakupa chipsi nzuri hata ufanyeje. Kama unanunua gunia na unataka uhakika, weka chumvi gramu 120 kwa lita moja ya maji, koroga iishe yote, tumbukiza waru kadhaa ambazo umeosha udongo. Zenye zinazama ziko na wanga ya kutosha, hizo ni za chipsi. Zenye zinaelea peleka kwa mukimo ama kwa stew. Waru yenye rangi ya kijani usikate ukidhani mafuta yatasaidia, ile sumu haiishi kwa kukaanga, tupa.

Na tafadhali usiweke waru kwa friji. Baridi inafanya wanga igeuke sukari, na sukari ikikutana na mafuta moto inakuwa kahawia haraka sana, kwa hivyo unapata chipsi nyeusi kwa nje na ndani bado inalia krauch krauch kama karoti. Weka mahali pa giza penye hewa, kwa kikapu ama gunia lililo wazi.

Kukata na kuosha

Kilo moja ukishamenya unabaki na kama gramu 850, Shangi ina macho yameingia ndani kwa hivyo kuna kupoteza kidogo. Kata unene wa sentimita moja, kama kidole chako kidogo cha mkono. Muhimu kuliko unene wenyewe ni zitoshane, kwa sababu nyembamba itaungua ikingojea nene iive. Vile vipande vya pembeni vyenye vimechongoka kama sindano mimi huvitoa, navitupa kwa supu.

Ukikata tu, tumbukiza kwa maji baridi. Utaona maji yanakuwa meupe kama maziwa, hiyo ni wanga imetoka kwa seli zenye kisu kimepasua. Ukiiacha hapo juu inaungua kabla ya chipsi na pia inagundisha chipsi pamoja. Mwaga, weka mengine, sugua kwa mikono polepole, mara tatu hivi mpaka maji yabaki safi, halafu ziache kwa maji baridi dakika 20 ama 30. Kama waru zako ni laini sana na unaogopa zitavunjika, weka kijiko kimoja cha mezani cha vinega kwa kila lita ya maji hayo ya mwisho, asidi inasaidia nje ya kiazi kushikana. Ladha yake huiskii ukishakaanga.

Kukausha, na hapa usikimbie

Dadangu alikuwa anaosha vizuri, anamwaga maji kwa chujio, anatikisa mara mbili, halafu moja kwa moja kwa karai. Nikamwambia pima. Chukua hizo chipsi baada ya kutikisa, ziweke kwa mizani ya jikoni, zikaushe kwa kitambaa, upime tena. Alipata tofauti ya karibu gramu 50, yaani maji kama vijiko vitatu vya mezani na kidogo, yameshikilia tu kwa nje. Inaonekana kidogo lakini angalia inafanya nini. Maji hayo lazima yachemke yaishe kwanza kabla ngozi ya chipsi ianze kukauka, na kuyageuza mvuke kunakula moto mwingi sana, gramu 50 tu zinatosha kushusha mafuta ya lita 2 kwa kama digrii 30. Kumbuka chipsi zenyewe pia ni baridi na zinashusha mafuta. Kwa hivyo alikuwa anaanza na mafuta ya moto sawa sawa, akiweka chipsi yanapoa hadi karibu digrii 110, na hapo hakuna kukaanga tena, chipsi zinachemka ndani ya mafuta. Zaidi ya hayo maji yanafanya mafuta yafure na kumwagika kwa moto, na mafuta yake yalikuwa yanaharibika haraka, hiyo pia ni kazi ya maji.

Sasa fanya hivi. Ziache kwa chujio dakika tano zitiririke zenyewe. Tandaza kitambaa safi cha pamba kwa meza, kile cha zamani chenye kimefuliwa mara nyingi kinanyonya vizuri kuliko kipya, zimwage zikae safu moja, funika na kitambaa kingine na ubonyeze kwa viganja polepole. Usizikunje ndani kama nguo unakamua, zitavunjika. Halafu toa kitambaa cha juu, geuza chipsi, uziache wazi zipigwe na hewa dakika 15. Nakuru ukifungua dirisha mchana dakika 15 inatosha kabisa, upepo wetu umekauka. Kisumu hewa imebeba unyevu wa ziwa kwa hivyo dadangu sasa anaziwekea feni na anangoja dakika 25 ama nusu saa.

Utajua zimekauka ukiangalia rangi, kiazi chenye maji kinang'aa, kilichokauka kinafifia kama kimepakwa chaki kidogo, na ukipitisha kidole kinakwama badala ya kuteleza. Zikibadilika kahawia kidogo kwa kukaa hewani usijali sana, lakini usizidishe saa moja.

Mafuta na joto la kwanza

Mafuta ya maji ya kawaida, yale ya mawese yaliyosafishwa yenye yanauzwa hadi ya kupima dukani, yanafaa sana kwa hii kazi kwa sababu yanavumilia moto. Ya alizeti pia ni sawa ila yanachoka haraka. Mimina lita 2 kwa karai ya ndani, na yasipite nusu ya karai, juu yatafura ukiweka chipsi. Kifuniko cha chuma chenye kinatosha kikae karibu na mkono wako. Mafuta yakishika moto unazima gesi na kufunika, basi, usimwage maji hata tone na usijaribu kubeba karai kuipeleka nje.

Raundi ya kwanza inataka digrii 140 mpaka 150. Hapa hatutafuti rangi, tunaivisha ndani tu, ile wanga inyonye maji ya kiazi yenyewe na iwe laini ya unga. Kama unaeza nunua kipimajoto cha jikoni kile cha chuma chenye kinaenda hadi digrii 200 na kitu nunua, kitakufunza jiko lako kwa siku moja. Kile cha kupima homa usithubutu, kitapasuka.

Kama hauna, tumia kipande kimoja cha chipsi chenye kimekauka. Tumbukiza kimoja na uangalie. Kikizama na kukaa hapo chini kimya, mafuta bado. Kikizama halafu baada ya sekunde moja ama mbili povu ndogo zinaanza kupanda polepole na kinaanza kuinuka, uko kwa ule moto wa raundi ya kwanza. Kikirushwa juu mara moja na povu kubwa za kelele pande zote, hiyo ni karibu 180, moto wa raundi ya pili. Moshi ukianza kutoka umepitisha, zima na ungoje, usiweke chipsi ukitumaini zitapoza mafuta.

Pasha mafuta kidogo juu ya unayotaka, kama digrii 160, kwa sababu yatashuka. Sasa gawa zile gramu 850 mara tatu, yaani kama gramu 280 kila raundi. Hapa ndio watu wengi wanaharibu, wanajaza karai kwa sababu wageni wanangoja. Mimi hesabu yangu ni karibu konzi mbili kubwa za chipsi kwa lita 2 za mafuta, ukiongeza zaidi mafuta yanapoa na gesi ya nyumbani haina nguvu ya kuyarudisha haraka. Jiko la kibanda lile la makaa mengi linaeza beba zaidi, la kwako haliwezi.

Weka kwa kijiko cha matundu polepole, koroga mara moja tu baada ya nusu dakika ili zisishikane, halafu ziache. Dakika tano hadi sita. Utaona povu ni nyingi mwanzoni halafu zinapungua kidogo. Toa moja, ibonyeze katikati ya vidole ikipoa kidogo, ikipondeka bila kupinga na bado ni nyeupe ama ya krimu, ziko tayari. Ukiishika upande mmoja inainama kama imechoka, na inafaa iwe hivyo. Kama zimeanza rangi ya dhahabu kwa raundi ya kwanza mafuta yalikuwa moto sana, punguza gesi kwa fungu linalofuata.

Kuzipumzisha

Tandaza kwa waya ama trei, safu moja, zisirundikwe. Ukizirundika mvuke wa zile za chini unaloweka za juu, na kazi yote ya kitambaa inarudi nyuma. Ziache nusu saa angalau. Kwa huo muda mvuke unatoka, nje inakauka na ile wanga iliyoiva inashikana na kuwa kama ngozi nyembamba, na ndiyo itageuka krispi kwa raundi ya pili. Ukirudisha chipsi kwa mafuta ikiwa bado inatoa moshi wa mvuke unapata rangi lakini ngozi ni nyembamba na inalala baada ya dakika tatu.

Vibanda vingi ndivyo vinafanya, raundi ya kwanza asubuhi, zinakaa kwa trei, mteja akija wakati wa lunch unamalizia dakika mbili na anadhani ni za haraka tu. Nikiwa mpya kwa hiyo kazi nilidhani ni njia ya kuokoa muda, kumbe ndiyo inafanya chipsi ziwe tamu.

Raundi ya pili

Pasha mafuta hadi digrii 180, ukifika 190 simama hapo. Sasa weka kidogo tena, fungu la kwanza kama lilivyokuwa. Povu zitakuja kwa nguvu na kelele, hayo ni maji ya ngozi yanatoka. Sikiliza vizuri, kwa sababu sikio linakuambia kabla ya jicho, mwanzoni ni mlio mzito kama mvua kwa mabati, halafu baada ya dakika mbili unakuwa mwembamba na mkavu, na ukikoroga chipsi zinagongana kwa kijiko kwa sauti ngumu. Hapo rangi ni ya dhahabu. Toa. Dakika mbili hadi tatu, isizidi. Usingoje kahawia ya giza, uchungu unaanza hapo na hata kiafya rangi ya dhahabu ni bora.

Ukitoa, usisimame ukiongea na mtu. Zikiwa kwa mafuta mvuke unasukuma kutoka ndani kwenda nje na mafuta hayapati njia, lakini ukitoa tu zinaanza kupoa, mvuke unarudi kuwa maji, kunabaki nafasi, na chipsi inavuta yale mafuta yaliyoshikilia nje. Mafuta mengi yenye unakula yanaingia hapo, dakika ya kwanza baada ya kutoa. Kwa hivyo tikisa kijiko cha matundu kwa nguvu juu ya karai mara tano sita, halafu ziweke kwa waya ama karatasi ya kunyonya, safu moja.

Chumvi weka hapo hapo zikiwa moto, chumvi laini, kama nusu kijiko cha chai kwa kilo yetu. Usiweke kwa mafuta, haiyeyuki na inachafua. Na usiweke dakika kumi kabla watu wakae mezani, chumvi inavuta maji kutoka ndani. Zile gramu 850 zinakupa chipsi kama nusu kilo hivi, inayobaki ni maji yamepanda juu kama mvuke.

Usifunike na sahani nyingine ama hotpot, hata wageni wakichelewa. Kama lazima zingoje, oveni ya moto mdogo mlango wazi kidogo. Kama ni za kubeba, mfuko wa karatasi mdomo wazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watu wengi wamezoea karatasi, na kwa chipsi karatasi ni bora kabisa kwa sababu inapumua. Chipsi masala ni kitu kingine, hiyo sosi ni maji, kwa hivyo kaanga ngumu kidogo na uchanganye watu wakiwa wameshika sahani.

Ukiona kitu hakiendi

Nje imekuwa kahawia na ndani ni mbichi. Hapa kuna sababu mbili na zinafanana, kwa hivyo kaanga chipsi moja tu kwa digrii 150 ambazo umepima. Ikibadilika kahawia hata kwa huo moto mdogo kabla iive, shida ni sukari ndani ya waru, zilikaa kwa baridi ama zimechipua. Ziweke nje ya friji wiki moja au mbili, huwa zinarudi kiasi, si zote. Kama hiyo moja imebaki nyeupe, waru iko sawa, mafuta yako ndiyo yalikuwa moto sana.

Zimejaa mafuta na zimelegea: karai ilijaa, ama hazikukauka. Zimekuwa kama ganda tupu halina kitu ndani: ulikata nyembamba ama raundi ya kwanza ilipita dakika saba. Zinavunjika kwa kijiko: Shangi ilikuwa ya unga sana na ukakoroga kila saa, tumia ile vinega na uache mkono.

Mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa, makombo yakibaki ndani yanaungua kila mara unapasha na yanapaka chipsi madoa meusi. Weka kwa chupa iliyofungwa, kwa kabati penye giza. Yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, yakinuka, ama yakianza kutoa moshi hata kabla ufike moto wa raundi ya pili, hayo yamechoka, usiongezee mapya juu yake.

Dadangu siku hizi anakaanga raundi ya kwanza ya kilo mbili Jumapili, anazipoza kabisa kwa feni, anatandaza kwa trei kwa friza, zikiganda anatia kwa mfuko. Hizi zishaiva kwa hivyo ile shida ya sukari haipo tena. Jioni ya kazi anatoa konzi moja, haziyeyushi, kwa sababu zikiyeyuka zinatoka jasho na unarudi pale pale kwa kitambaa, anaweka moja kwa moja kwa mafuta ya 180, kidogo kidogo juu barafu inafanya mafuta yafure, na dakika tatu au nne baadaye watoto wanakula.